Kikundi cha hisa cha kununulia mzigo: masharti ya michango na marejesho yanayofanya kazi

*Shikamoo mama. Nauza vitenge soko la Mawenzi hapa Morogoro, mzigo nachukua Kariakoo. Mtaji wangu ni kama laki nne. Mara mbili nimechukua mkopo wa kausha damu ukaniumiza, na wa mwisho bado namalizia. Wenzangu 15 wa sokoni wanataka tuanzishe kikundi cha kuweka na kukopa, na kuna kikundi kingine cha zamani mtaani kimenikaribisha. Niingie kipi? Na kama tukianza chetu, michango na marejesho tuyawekee masharti gani ili hela isipotee?*

Marahaba mwanangu. Anzisheni chenu, ila msikimbilie. Hicho cha mtaani usikiingie katikati ya mzunguko, na usiwe kwenye viwili kwa wakati mmoja, maana michango miwili ya kila wiki itakula mtaji wa vitenge kabla hujaona mkopo wowote.

Nianze na cha zamani, ambacho maelezo yake ni mafupi. Omba ukae kwenye kikao kimoja kama mgeni. Angalia kama pesa inahesabiwa mezani mbele ya wote, na kama mkopo unatolewa palepale kikaoni. Kisha uliza maswali mawili: mara ya mwisho walipogawana, hisa moja ilitoka shilingi ngapi, na leo ni wanachama wangapi wamechelewesha rejesho. Kikundi chenye afya hujibu hayo bila kukuna kichwa, kwa sababu kila mwanachama anayajua. Ukiambiwa "hayo muulize katibu", kaa mbali. Hata kikiwa kizuri, subiri wavunje, yaani wagawane akiba na faida, na waanze mzunguko mpya. Ukiingia katikati kwa kununua hisa kwa bei ileile ya mwanzo, wakati hisa hizo zimeshapata faida, wenzako watakuwa wamekugawia jasho lao, nao siku ya mgao watalikumbuka. Ndipo ugomvi unapoanzia.

Sasa chenu. Nimefundisha vikundi vya hisa kwa miaka mingi, na nitakueleza kwa mpangilio huu: nani aingie, hisa iwe bei gani, mkopo uwe na mipaka gani, na rejesho liendane vipi na mzigo. Hilo la mwisho nitakaa nalo zaidi, kwa sababu hapo ndipo wafanyabiashara wa sokoni wanapoumia, hata kwenye kikundi kisicho na mwizi.

Ninaposema kikundi cha hisa sina maana ya upatu. Kwenye upatu kila mtu anatoa sawa na mmoja anabeba zote, halafu zamu inazunguka. Ni kitu kizuri cha kununulia kitanda. Kwa mzigo haufai, kwa sababu zamu yako inaweza kuangukia mwezi wa njaa ya biashara, na Desemba mzigo unapotakiwa zamu ikawa ya mwenzako. Kikundi cha hisa kinakupa pesa unapoihitaji, mradi umeweka. Utaratibu wake wa sanduku lenye kufuli tatu ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, pale shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake ambao tayari walikuwa wakicheza upatu. Ukasambaa Afrika nzima, na VICOBA vya huku kwetu vimechota humohumo. Wanachama 15 hadi 25 wanatosha. Wakizidi hapo kikao kinachukua nusu siku, na mtu mwenye meza sokoni hawezi kukaa nusu siku.

Katika hao wenzako 15, hesabu wangapi wanauza nguo. Kama wote mnauza vitenge, khanga na mashuka, mna tatizo ambalo halina uhusiano na uaminifu: mtataka mkopo wiki ileile. Kabla ya Idi wote mtanyoosha mikono, na baada ya Idi wote mtakuwa na mali isiyotembea na marejesho ya kulipa. Sanduku litakuwa tupu mnapolihitaji na litajaa wakati hakuna anayetaka. Changanyeni. Mama ntilie, muuza dagaa, fundi cherehani, mwenye genge la mboga: hawa wanazungusha pesa kwa siku chache, wanakopa kidogo kidogo na wanarudisha haraka, na majira yao si yenu. Kikundi cha watu 16 chenye wauza nguo 6 au 7 kinapumua vizuri. Ila wote wawe watu mnaojuana wanapofanyia kazi na wanapolala. Sifa hiyo inapimika, nami huipima hivi: kama mwanachama asipokuja vikao viwili, kuna angalau wenzake wawili wanaoweza kwenda mlangoni kwake bila kuuliza njia.

Bei ya hisa ndiyo uamuzi wa kwanza wa pesa, na watu huukosea kwa kujisifu. Kwenye kikao cha kwanza kila mtu anataka kuonekana ana uwezo, wanapanga hisa ya 10,000, na ikifika masika, soko likiwa tope na wateja hawapo, theluthi ya wanachama wanaanza kukosa. Mpe kila mmoja karatasi, aandike bila jina: wiki ambayo hukuuza kabisa, ungeweza kuleta shilingi ngapi bila kukopa? Chukueni jibu la chini, hiyo ndiyo bei ya hisa moja. Tuseme kwenu imetoka 5,000. Sharti linakuwa hivi: kila wiki mwanachama ananunua hisa 1 hadi 5, yaani 5,000 hadi 25,000, kadiri alivyouza. Kiwango cha juu kina kazi yake. Kinamzuia mwenye duka kubwa asiweke laki mbili kwa wiki, akakimiliki kikundi na kukifanya mahali pa kuvunia riba za wenzake.

Hisa haziandikwi kwa kumbukumbu ya mtu. Kila mwanachama ana kitabu chake, na kila hisa inagongwa muhuri mbele yake, ili hata asiyejua kusoma ahesabu mihuri. Vitabu vinalala ndani ya sanduku, havitoki kwenda nyumbani. Pembeni ya hisa kuna mfuko wa jamii, mchango mdogo ulio sawa kwa wote, tuseme 1,000 kwa wiki, kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Huo unakaa kwenye mfuko wake, na pesa yake hainunui mzigo.

Wiki 4 za kwanza msikopeshane. Wekeni tu. Watu 16 wakinunua wastani wa hisa 3 kila mmoja, kila kikao kinaingiza 240,000, na baada ya vikao 4 mna 960,000. Katika wiki hizo nne mtawajua pia wale ambao ahadi zao ni nyepesi, kabla hawajashika pesa yenu.

Kanuni ya kukopa iliyozoeleka ni kwamba mtu anaweza kukopa hadi mara 3 ya alichoweka. Wewe ukinunua hisa 5 kwa wiki 4 utakuwa na 100,000, kwa hiyo kikomo chako ni 300,000. Lakini fanya hesabu ya sanduku: kama wote 16 wakitaka mara tatu, zinatakiwa 2,880,000, na zilizopo ni 960,000. Kikomo hakimaanishi kwamba pesa ipo. Andikeni mapema jinsi ya kugawana foleni. Ninachopendekeza ni kila anayetaka asimame, aseme kiasi, anachokwenda kununua, na atamaliza lini. Kikitakiwa zaidi ya kilichopo, wote wapunguziwe, au mmoja asubiri kikao kijacho kwa hiari yake. Kuwapa kwanza viongozi ni marufuku kuandikwa na marufuku kuzoeleka.

Katika mkopo wako wa 300,000, laki moja ni yako na laki mbili ni za wenzako. Hizo laki mbili zinahitaji kitu cha kuzishika. Vikundi vingi huweka wadhamini wawili, kisha vinasahau kuuliza kama hao wadhamini wana kitu. Mwaka mmoja nilikaa na kikundi ambacho wanawake watano walikuwa wamedhaminiana kwa mzunguko, wa kwanza kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, na wote watano walikuwa na mikopo. Alipokwama mmoja, hakukuwa na hisa hata moja iliyo huru ya kukamata. Sharti liandikwe wazi: hisa za mkopaji ukijumlisha na hisa huru za wadhamini wake lazima zifikie mkopo. Hisa huru ni zile ambazo mwenyewe hajazikopea na hajazidhaminia kwingine. Kwa mkopo wako, wadhamini wawili wenye 100,000 kila mmoja, ambao hawana mkopo, wanatosha. Katibu anaandika kwenye vitabu vyao "imefungwa" mpaka umalize.

Tufike kwenye rejesho na mzigo. Tuseme umepewa 300,000 kwa riba ya 5% kwa mwezi, kwa wiki 8. Riba ni 15,000 kwa kila wiki 4, jumla 30,000, kwa hiyo unarudisha 330,000. Mkigawa kwa wiki 8, rejesho ni 41,250 kila wiki. Ongeza hisa moja ya lazima, 5,000, na mfuko wa jamii, 1,000. Kila kikao unaingia na 47,250. Huo ndio mzigo wako halisi, na watu wengi huhesabu lile rejesho peke yake.

Unakwenda Kariakoo. Nauli na kusafirisha 20,000, na 280,000 iliyobaki unanunua vitenge 28 kwa 10,000, unauza 14,000. Bei hizi nimeziweka kwa ajili ya hesabu. Weka za kwako. Vyote 28 vikiisha unapata 392,000. Faida, ukitoa bei ya mzigo na njia, kabla ya riba, ni 92,000.

Kama vitenge hivyo vinatembea taratibu na vinaisha kwa wiki 8, kila wiki unaingiza 49,000. Unatoa 47,250 kikaoni. Mkononi inabaki 1,750. Mkopo utaulipa, na mwisho wake utakuwa na 14,000 na hisa za 40,000, lakini kwa wiki 8 umetembea kwenye uzi. Mteja mmoja tu akichukua kitenge kimoja kwa ahadi ya mwisho wa mwezi, zimekosekana 14,000, na wiki hiyo rejesho halitimii. Mzigo mpya hukuweza kununua, kwa sababu kila shilingi iliyoingia ilikwenda mezani. Ukimaliza mkopo meza yako iko kama ilivyokuwa kabla ya kukopa.

Sasa vitenge hivyohivyo viishe kwa wiki 4. Unaingiza 98,000 kwa wiki, na kwa wiki 4 ni 392,000. Kikaoni umetoa mara nne ya 47,250, yaani 189,000. Inabaki 203,000. Hiyo inarudi Kariakoo: 20,000 njia, vitenge 18 kwa 180,000, na 3,000 ya akiba. Wiki 4 za pili unauza vile 18, unapata 252,000, unatoa tena 189,000, na mkopo umekwisha. Mkononi una 66,000, na kwenye kitabu hisa za 40,000. Mkopo ni uleule na riba ni ileile. Tofauti ni kwamba mzigo umezunguka mara mbili ndani ya muda wa mkopo.

Kwa hiyo kabla ya kunyoosha mkono kikaoni, jua mzigo wako unaisha kwa wiki ngapi. Usibahatishe. Chukua daftari, andika tarehe ulipofungua mzigo uliopita na tarehe kilipouzwa kitenge cha mwisho cha maana (kile kimoja cha rangi mbaya kinachokaa miezi kiache). Kama ni wiki 4, mkopo wa wiki 8 unakufaa. Kama ni wiki 8, usikope kiasi kile. Kopa 100,000, ambayo rejesho lake kwa masharti yaleyale ni 13,750 kwa wiki, na ukope kwa vitenge unavyojua vitaondoka. Mwaka wa kwanza, mikopo ya kikundi isizidi wiki 12 kwa yeyote. Mkopo mrefu kwenye sanduku dogo unamfungia njia anayesubiri.

Mtabishana kuhusu kulipa kila wiki au kila baada ya wiki 4. Kwenye vijiji vya kilimo nawaambia walipe kwa mwezi au hata mazao yakiuzwa. Sokoni nasimama na wiki. Pesa yako inaingia kila siku kwa noti ndogo ndogo, na ikikaa mwezi mzima kwenye kanga itaombwa na kila shida ya nyumbani. Ila mkubaliane kitu kimoja: rejesho la kwanza lianze wiki ya pili baada ya kupokea, si wiki ileile inayofuata, maana siku mbili zinaishia njiani kwenda Dar es Salaam na kurudi, na hujauza kitu. Kwa mkopo wako, mara nane za rejesho zitakamilika wiki ya tisa.

Riba ya 10% kwa mwezi utaisikia kwenye vikundi vingi, na wanaitetea kwa kusema "si inarudi kwetu wenyewe?" Inarudi, lakini haiwarudii waliolipa. Inagawanywa kwa hisa, kwa hiyo anayekopa sana na kuweka kidogo anawalipa wanaoweka sana na kukopa kidogo. Kwenye mfano wetu, riba ya 10% ingekuwa 60,000 badala ya 30,000, na kwa mwenye mzigo wa taratibu, ambaye faida yake yote ni 92,000, inakwenda theluthi mbili. Wafanyabiashara wa mzigo wawekeane 5%. Kama mna Waislamu wasiotaka riba, wekeni ada moja isiyobadilika kwa kila mkopo ya kuendeshea kikundi, au msiweke kitu, na mgao utakuwa akiba pamoja na faini. Mlizungumze siku ya kwanza, kwa sababu mtu akiligundua mwezi wa sita atajitoa na akiba yake sanduku likiwa tupu.

Kuchelewa kutatokea. Sharti langu lina hatua tatu, na haliongezi riba juu ya riba. Wiki ya kwanza ya kukosa, mkopaji anasimama kikaoni na kueleza, wadhamini wake wakiwepo. Analipa faini ya 1,000, basi. Wiki ya pili, wadhamini wawili na mwenyekiti wanakwenda kwenye meza yake kuona mali. Safari hiyo ina maana kubwa. Ukikuta vitenge vipo havijauzwa, tatizo ni mwendo wa biashara, na mnaweza kumpangia upya rejesho dogo kwa wiki nyingi zaidi. Ukikuta meza tupu na pesa haipo, pesa imekwenda kwenye jambo jingine, na kupanga upya kutawapotezea wiki tu. Zikifika wiki 4 bila malipo, deni linakatwa kwenye hisa zake, kisha kwenye hisa zilizofungwa za wadhamini, na kuanzia hapo wadhamini ndio wanaomdai yeye. Faini inayokua kila siku msiweke. Ndiyo njia waliyotumia wale waliokuumiza, na mwanachama anayeona deni linapanda hivyo hujificha badala ya kuja kuzungumza.

Kuhusu wizi, kilicho muhimu ni kwamba pesa isiguswe nje ya kikao. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu ambao si viongozi na si anayelilaza sanduku kwake. Wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti mwanzo wa kikao na mwisho, na kila mtu anaondoka akikumbuka salio. Kikao kinachofuata hakianzi mpaka wanachama wawili waliotajwa ghafla waseme salio lilikuwa ngapi, kisha lihesabiwe. Na kikundi kinachokopesha vizuri karibu kila wiki hulaza sanduku likiwa jepesi, jambo linalolinda kuliko kufuli. Likianza kulala na milioni, pelekeni benki, au tumieni huduma ya simu ya vikundi kama M-Koba, na wenye kuidhinisha kutoa wawe zaidi ya mmoja.

Kuna ujanja mmoja ambao sanduku halizuii. Mwanachama, mara nyingi kiongozi, "anamaliza" mkopo kikaoni na palepale anachukua mwingine wa kiasi hichohicho au zaidi. Daftari linaonyesha amelipa, lakini noti hazikugusa meza. Anaviringisha deni. Baada ya miezi sita ana deni lililovimba, na linafichuka siku ya kugawana. Utalitambua hivi: jumla ya madeni ya nje haishuki hata wiki ambayo inasemekana watu wamemaliza. Dawa yake ni sharti mbili. Marejesho yote yanahesabiwa mezani kabla ya mkopo wowote kutolewa, na aliyemaliza mkopo anakaa angalau kikao kimoja kabla ya kukopa tena. Ujanja unaofanana na huo ni wa mwanachama anayekopa kwa jina lake na kumpa mtu wa nje kwa riba kubwa. Ile safari ya kwenda kuona meza inamkamata.

Mwisho wa mzunguko, mnavunja. Panga tarehe hiyo kabla ya tarehe ya kuanza. Vikundi vingi hugawana katikati ya Desemba, na pesa inaishia kwenye pilau na nguo za watoto. Wewe unauza nguo hizo. Unatakiwa uwe na pesa mapema Novemba, uwe na mzigo wakati wengine wanagawana. Hesabu kurudi nyuma kutoka hapo. Wiki 12 za mwisho hakuna mkopo unaovuka tarehe ya kufunga, na wiki 4 za mwisho hakuna mkopo kabisa, madeni yote yawe ndani.

Mgao wenyewe ni hesabu moja. Tuseme mmefanya vikao 50, watu 16, wastani wa hisa 3. Hisa zote ni 2,400, na akiba ni 12,000,000. Riba na faini zimeleta 2,160,000. Sanduku lina 14,160,000. Gawanya kwa 2,400, hisa moja inatoka 5,900. Mwenye hisa 150 aliweka 750,000, anabeba 885,000. Mfuko wa jamii msiuchanganye humo. Siku hiyo pesa nyingi inakuwa mahali pamoja, kwa hiyo saa na mahali visitangazwe sokoni, na wenye simu walipwe kwa simu.

Haya yote yaandikeni kwenye katiba ya kurasa mbili au tatu, kila mmoja asaini au aweke dole gumba, na msomeane kwa sauti. Kisha muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu awaelekeze usajili kwenye halmashauri. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaviweka vikundi kama chenu daraja la nne na inataka visajiliwe. Mkitaka akaunti ya benki, au siku moja mkopo wa halmashauri, cheti hicho kitaulizwa.

Limebaki la kwako mwenyewe, kuhusu ile kausha damu unayomalizia. Kwenye kikao cha kwanza itaje. Wekeni sharti kwamba kila anayeomba mkopo ataje madeni yake ya nje, na uwe wa kwanza kulitii. Wakati bado unalipa huko, nunua hisa moja moja tu na usikope, hata kama kikomo chako kinaruhusu, maana rejesho la huko na la huku yakikutana wiki moja, meza yako haina 98,000 ya kuyabeba. Usikope kwa kikundi ili kulipia deni hilo pia, isipokuwa wenzako wote wamelijua na wamekubali, kwa sababu pesa hiyo hainunui kitenge hata kimoja na hakuna mauzo yatakayoirudisha. Ukimaliza, anza na 100,000, pima vitenge vinaisha kwa wiki ngapi, ndipo uombe kubwa. Na Novemba mkivunja, kabla hujapita nyumbani, tenga bei ya hisa za kikao cha kwanza cha mzunguko mpya, na nauli ya kesho yake kwenda Kariakoo.